Mkunga hodari amebadilika: pima mzigo kabla ya kumpima mtu

*Swali: Mimi ni muuguzi msimamizi wa wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya huku wilayani, Tanzania. Tunazalisha akina mama kama 110 kwa mwezi. Kwenye ikama tuko saba, kazini tuko watano pamoja na mimi: mmoja yuko masomoni, mwingine yuko likizo ya uzazi. Mkunga wangu hodari kuliko wote amebadilika. Anachelewa, anafokea akina mama, patografu anazijaza mtoto akishazaliwa. Nilimwandikia onyo, baadaye nikampa siku nne za kupumzika, amerudi vilevile. Wengine wawili naona wanaelekea hukohuko. Nitajuaje kama ni uvivu au kazi imemmaliza? Na nifanye nini wakati uwezo wa kuajiri sina?*

Dada, anza na hizo patografu, karatasi za kufuatilia uchungu wa kila mama. Ndizo ushahidi mzuri kuliko wote ulio nao, na ziko kwenye mafaili ya wodi yako.

Unajua inavyotakiwa: mama akishaingia kwenye uchungu wa kasi, mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa kila nusu saa kwa dakika nzima, na uchungu unahesabiwa kwa dakika kumi, nao kila nusu saa. Sasa weka mama watatu kwenye chumba kimoja na mkunga mmoja usiku. Kuhesabu uchungu peke yake, dakika kumi kwa kila mama, kumekwisha kula nusu saa yote. Haijabaki dakika ya kusikiliza moyo wa mtoto, kupima presha, kutundika dripu, kumpokea mama wa nne anayeshushwa kwenye bodaboda, wala kuandika chochote. Mkunga aliyelala vizuri na mwenye moyo wa kazi naye hataweza. Atafanya yale yanayookoa maisha na karatasi ataijaza baadaye.

Kwa hiyo chukua patografu za miezi mitatu ya karibuni, za zamu zake, kisha kwa kutumia rejesta ya wodi uangalie kila moja ilijazwa wakati kuna akina mama wangapi kwenye uchungu. Utazitambua zilizojazwa kwa mkupuo: mwandiko wa namna moja kutoka mwanzo hadi mwisho, mapigo ya moyo yanayofanana kila mstari, saa zote zimeangukia kamili au nusu. Zitenge mafungu mawili: zamu alizokuwa na mama mmoja au wawili, na zamu alizokuwa na watatu au zaidi. Fanya hivyohivyo kwa mkunga mwingine mmoja ili upate wa kumlinganisha naye.

Ukikuta zake zimeharibika pale tu alipokuwa na mama watatu, basi tatizo la patografu ni la mzigo, na yeyote utakayemweka pale atafanya vilevile. Ukikuta zimeharibika hata usiku alipokuwa na mama mmoja, na miezi sita iliyopita hazikuwa hivyo, hapo unaangalia mtu ambaye kazi imeanza kumwondoka. Na ukikuta hazijawahi kuwa nzuri tangu aajiriwe, hilo ni suala la mafunzo au nidhamu, lina njia zake. Kwa jinsi ulivyomweleza, kwamba alikuwa hodari kuliko wote, sitegemei uangukie hapo. Uvivu hauanzi ghafla kwa mtu aliyebeba wodi kwa miaka. Kinachokusaidia kuutofautisha na uchovu sugu wa kazi ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe wa mwaka jana.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeuweka uchovu huu kama hali inayotokana na kazi, halikuuita ugonjwa. Limetaja mambo matatu yanayokwenda pamoja: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa moyo, pamoja na kuiona vibaya, na kujiona hufanyi la maana. Msingi wa maelezo hayo ni utafiti wa mwanasaikolojia Mmarekani Christina Maslach, aliyeanza kuwachunguza watu wanaohudumia watu tangu miaka ya 1970. Wodini kwako, la kwanza utaliona kwa kuchelewa, kuumwa kichwa kila wiki, kukaa kwenye kiti dakika kumi baada ya kukabidhi zamu bila kuinuka. La pili linasikika mdomoni. Mkunga aliyekuwa akisema "mama Neema, kitanda namba nne, presha yake inanitia wasiwasi" anaanza kusema "yule wa nne", halafu "hawa watu", halafu anafoka. La tatu ndilo tunalolikosa, kwa sababu halina kelele: haulizi tena mama aliyepewa rufaa aliishia wapi, hamwelekezi mwanafunzi, ukimsifu anakwambia "basi tu, sista".

Uchovu wa kawaida una jambo la kwanza peke yake, na unaondoka kwa kulala. Yakionekana yote matatu kwa wiki kadhaa, mapumziko mafupi hayatoshi, na ndiyo maana siku zako nne hazikuzaa kitu. Tafiti za likizo zimeonyesha jambo hilo mara nyingi: mtu anarudi na nafuu, kisha nafuu inapotea ndani ya wiki chache akirudishwa kwenye mzigo uleule. Ya mkunga wako ilipotea mapema zaidi kwa kuwa siku nne kwa mtu anayetoka zamu za usiku ni siku mbili za kulipa deni la usingizi na siku mbili za kufua na kuona watoto.

Kabla hujasema ni kazi, ondoa mambo mengine matatu. Moja ni mwili: upungufu wa damu, presha, sukari, tezi ya shingo, ujauzito wa mwanzo. Vyote vinaleta uchovu na hasira, na wauguzi ni watu wa mwisho kujipima. Mshauri akapime kwenye kituo kingine ili majibu yake yasipite mikononi mwa wenzake. La pili ni sonona. Mtu aliyechoshwa na kazi mara nyingi bado anacheka nyumbani, bado anafurahia harusi ya mdogo wake. Mwenye sonona ladha imemwondoka kila mahali, usingizi umeharibika hata siku za ofu, anajiona hana thamani. Akitamka neno lolote la kutamani kufa, usisubiri ratiba wala barua. Siku hiyohiyo mpeleke mwenyewe kwa mtaalamu wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya au ya mkoa, asibaki peke yake njiani.

La tatu ni tukio. Fungua rejesta uangalie mabadiliko yalianza lini, kisha uangalie wiki mbili kabla ya hapo. Mara nyingi sana ninapowauliza wasimamizi wa wodi za wazazi swali hili, tunakuta kifo cha mama au mtoto aliyezaliwa mfu kwenye zamu ya mtu huyo, na kikao cha mapitio kilichoanza kwa swali "nani alikuwa zamu?" Mkunga aliyepitia hilo na kurudishwa usiku unaofuata peke yake kwenye chumba kilekile anaweza kuonekana mvivu kwa nje, huku ndani anaogopa kila mama anayeingia. Kufoka nako mara nyingi ni hofu. Kama ni hivyo, anahitaji kwanza mtu wa kukaa naye na kulipitia tukio hatua kwa hatua, pamoja na yale aliyofanya sawasawa.

Sasa kaa naye. Usimwite ofisini kwa mganga mfawidhi, na usimkamate asubuhi anapotoka usiku. Chagua siku ya zamu ya asubuhi, wodi ikitulia, mahali ambapo mlango unafungwa. Usianze na "una tatizo gani?", maana jibu lake ni "niko sawa, sista", na hapo mazungumzo yamekwisha. Anza na ulichokiona, bila kukipamba: "Mwaka jana ulikuwa wa kwanza kufika. Mwezi huu umechelewa mara kadhaa. Nimeangalia ratiba, nimeona usiku wako ni mwingi kuliko wa mtu yeyote, na mimi ndiye niliyekupanga." Halafu uliza maswali yenye jibu la kushikika. Mara ya mwisho ulilala saa sita mfululizo lini? Sehemu gani ya zamu inakumaliza zaidi? Kitu gani kimoja nikikuondolea wiki hii utapumua? Kisha nyamaza. Kimya cha nusu dakika ni kigumu kwa msimamizi aliyezoea kutoa maelekezo, lakini ndicho kinachomtoa mtu kwenye "nimezoea tu".

Suala la kufokea akina mama liseme waziwazi hapohapo. Mama aliye kwenye uchungu hana kosa la ikama, na uchovu wa mkunga haumpunguzii haki ya kuhudumiwa kwa heshima. Mwambie hilo halina mjadala, na kwamba ndiyo sababu mojawapo ya wewe kumwondoa kwenye mzigo kabla hajamuumiza mtu au kujiumiza mwenyewe.

Nije kwenye mzigo wenyewe, maana hapa ndipo utakapopata nguvu ya kubadilisha kitu. Shirika la Afya Duniani lina mbinu ya kukokotoa watumishi wanaohitajika kwa kuangalia kazi iliyopo badala ya idadi ya vitanda. Wapangaji wa rasilimali watu kwenye afya wanaijua kwa jina la WISN. Huhitaji kompyuta, karatasi na kikokotoo cha simu vinatosha. Nitaifanya kwa namba zako, na pale usiponipa namba nitakadiria. Wewe utaweka zako baada ya kupima wodini kwa wiki mbili.

Kwanza, muuguzi mmoja ana saa ngapi kwa mwaka? Siku za kazi ni 260. Toa likizo ya mwaka, siku 28 za kalenda ambazo ni 20 za kazi. Toa sikukuu, tuseme 14, na siku 11 za ugonjwa, misiba na mafunzo. Zinabaki 215. Zidisha kwa saa nane: saa 1,720. Hicho ndicho kipimo cha mtu mmoja, na mkiwa watano mna saa 8,600.

Pili, kazi inataka saa ngapi? Mama 110 kwa mwezi ni 1,320 kwa mwaka. Nikikadiria saa nne za mkunga kwa kila mama, tangu uchungu wa kasi hadi saa mbili baada ya kujifungua, zinakuja 5,280. Huduma ya mama na mtoto baada ya hapo mpaka waruhusiwe, saa moja na nusu kwa kila mmoja: 1,980. Wajawazito wanaolazwa kwa presha, damu au maambukizi, tuseme 25 kwa mwezi kwa saa tatu: 900. Kusindikiza rufaa, sita kwa mwezi kwa saa tano: 360. Jumla ni saa 8,520 za kuhudumia watu. Lakini mkunga hahudumii watu tu. Anajaza vitabu vya MTUHA, anakabidhi zamu, anaosha na kuchemsha vifaa, anafuata dawa stoo, anapeleka sampuli maabara. Nikisema kazi hizo zinachukua robo ya muda wake, basi 8,520 ni robo tatu tu, na saa zote zinazohitajika ni 11,360. Ongeza usimamizi wako mwenyewe, vikao na ripoti, karibu theluthi moja ya mtu, saa 516. Jumla kuu ni saa 11,876, ambazo ukizigawa kwa 1,720 unapata watu 6.9.

Kwa maneno mengine, ikama yenu ya watu saba iko sawa. Kasoro ni kwamba wawili wako kwenye karatasi tu. Pengo ni saa 3,276 kwa mwaka hali hii ikiendelea, na mnaligawana watano: zaidi kidogo ya saa 50 kila mmoja katika kila wiki nne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa za ziada kuwa 50 kwa wiki nne. Mko juu ya kikomo bila mtu kuitaja hata saa moja kuwa ya ziada, kwa sababu hazionekani kwenye ratiba: ni makabidhiano yaliyochelewa, chakula cha mchana kisicholiwa, ofu iliyokatwa kwa simu.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu hii inalificha. Kumweka mtu mmoja tu wodini usiku na mchana mwaka mzima kunahitaji saa 8,760. Ninyi mna 8,600. Kila mnapokuwa wawili kwenye zamu, yule wa pili anatoka kwenye mwili wa mtu. Na kwa kuwa zamu ya mtu mmoja inahitaji anayeweza kila kitu, damu inayotoka baada ya kujifungua, mtoto asiyelia, kifafa cha mimba, msimamizi yeyote atampanga yule hodari usiku. Akifanya vizuri anapangiwa tena. Angalia ratiba za miezi sita uhesabu usiku wa kila mtu, na uzazi mgumu wa kila mtu. Sitashangaa ukikuta amebeba maradufu. Hukumpangia kwa ubaya. Ulikuwa unawalinda akina mama. Lakini punda afe mzigo ufike ndivyo tunavyowapoteza wakunga wazuri kwanza na kubaki na waliojifunza kujificha.

Sasa tupunguze pengo bila kuajiri muuguzi. Anza na ile robo ya muda isiyo ya ukunga, kwa sababu iko chini ya mamlaka yako. Kwa wiki moja, kila mtu aandike kwenye karatasi iliyobandikwa kaunta kila anapotoka chumba cha kujifungulia kwa jambo lisilohitaji mkunga. Utashangazwa na stoo ya dawa na maji ya kuoshea vifaa. Mhudumu wa wodi akifundishwa kuosha, kufunga na kuchemsha vifaa na kupeleka sampuli, dawa zikichukuliwa mara moja kwa siku kwa orodha badala ya kufuatwa kila zinapohitajika, na karani akijumlisha taarifa za mwisho wa mwezi kutoka kwenye vitabu, robo ile inaweza kushuka hadi asilimia 15. Hesabu inakuwa 8,520 kugawa kwa 0.85, yaani saa 10,024. Umeokoa saa 1,336 na hujaomba mtu. Kama mhudumu hatoshi, vituo vingi huwalipa vibarua wa namna hiyo kwa mapato ya ndani pale kamati ya kituo inaporidhia, na ombi la mhudumu ni rahisi kupita kuliko la muuguzi. Weka mpaka mmoja tu usiovukwa: mhudumu hachomi sindano na hazalishi, hata usiku uwe mgumu vipi.

Hatua ya pili ni kliniki ya mama na mtoto. Msongamano wao ni asubuhi, mchana wanapumua. Zungumza na msimamizi mwenzako mpate muuguzi mmoja kuja wodini zamu tatu kwa wiki. Kwa wiki 50 ni saa 1,200. Pengo lako sasa ni saa 740 kwa mwaka, kama saa 11 kwa kila mtu katika wiki nne. Hizo zinabebeka, na zinaweza kuandikwa na kulipwa au kurudishwa kama mapumziko.

Hapa pia ndipo pa kumpeleka mkunga wako. Mbadilishe na huyo wa kliniki kwa wiki nane: kazi za mchana, hakuna usiku, hakuna chumba cha kujifungulia peke yake. Mweleze mbele ya wenzake kwamba ni zamu ya kupumua itakayowafikia na wengine, na mwandikie tarehe ya kurudi. Bila tarehe ataisoma kama adhabu, na wenzake wataisoma hivyo pia. Akirudi, wiki mbili za kwanza awe na mwenzake kwenye kila zamu. Angalizo: usiku wake usiwaangukie wale wawili wanaoanza kuchoka. Ndiyo maana nimekupeleka kwenye hesabu kwanza. Kumwondoa mmoja kabla hujapunguza kazi ni kuhamisha ugonjwa kitanda. Wewe mwenyewe chukua usiku kadhaa katika kipindi hicho. Utaona vitu ambavyo havionekani saa nne asubuhi.

Kwenye ratiba kuna kanuni chache ambazo zikishikwa zinafanya kazi kubwa kuliko semina yoyote. Usimtoe mtu zamu ya mchana ukamrudisha asubuhi inayofuata. Zamu inaisha saa 2 usiku kwenye karatasi, lakini makabidhiano yakivutika anatoka saa 4, na saa 1 na nusu asubuhi anatakiwa awe amevaa sare. Sheria niliyoitaja inataka saa 12 za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Usiku usizidi mitatu mfululizo. Na siku mtu anayotoka usiku isihesabiwe kuwa ofu. Hili nimelikuta karibu kila wodi: ametoka saa 2 asubuhi Jumanne, ratiba inasema "ofu Jumanne", Jumatano yupo kazini. Huyo hakupumzika, amelala tu. Ofu inaanza Jumatano.

Barua ya onyo, iache kwenye faili kama utaratibu wa mwajiri wako hauruhusu kuiondoa, ila ongeza karatasi yenye hesabu ya zamu zake kwa miezi ile, uitie saini. Atakayesoma faili hilo miaka ijayo aone picha nzima. Yeye mwonyeshe umeiweka. Kwa watu waliofikia hatua hii, kuona kwamba kiongozi amekiri mzigo kwa maandishi kuna uzito kuliko kauli nyingi za pole.

Kuhusu wale wawili wengine, kinachowazuia wasifike huko ni mazoea yako ya kila wiki. Nitataja yale ninayoyaamini zaidi. Ratiba ibandikwe wiki mbili kabla, na ikishabandikwa usiibadilishe bila kumwomba mhusika. Mtu anayejua ofu yake ni ya kweli anaweza kupanga maisha. Simu ya siku ya ofu iwe kwa dharura mliyokubaliana maana yake, kwa mfano damu nyingi wakati hakuna mkunga wa pili, na saa alizotumia ziandikwe na kurudishwa mwezi huohuo. Maswali ya "lile faili umeliweka wapi?" kwenye kundi la Watsapu saa 3 usiku yasubiri asubuhi. Makabidhiano yawe ya dakika 15, mkiwa kitandani kwa mama, na yaishe kwa swali moja kwa anayetoka: leo kipi kilikuwa kigumu? Jibu la leo linaweza kuwa "hakuna". Baada ya wiki tatu utaanza kusikia ukweli, kwa sharti kwamba mtu wa kwanza aliyesema ukweli hakuaibishwa.

Likitokea tukio baya, kaa na waliokuwepo kabla ya siku tatu kupita, kabla ya kikao cha mapitio, na swali la kwanza liwe "tulikuwa wangapi na tulikuwa na nini mkononi?" Zamu inayofuata, aliyekuwepo asipangwe peke yake. Nidhamu ina mahali pake baadaye, kama kweli ipo haja. Keki na tisheti za tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, zifanyeni, watu wanazifurahia, lakini hazipunguzi usiku hata mmoja.

Kisha peleka hesabu juu. Ukurasa mmoja kwa mganga mfawidhi, nakala kwa muuguzi mkuu wa wilaya: saa zinazohitajika, saa zilizopo, pengo, ulichokwisha kukipunguza mwenyewe, na kinachobaki. Omba kitu mahususi, kwa mfano muuguzi wa kuazimwa kutoka zahanati yenye uzazi mchache mpaka aliye likizo ya uzazi arudi. Barua zinazosema "tuna upungufu mkubwa wa watumishi" halmashauri inazipata kila wiki kutoka kila kituo. Barua yenye hesabu iliyotanguliwa na juhudi zako haifanani na hizo, na hata ikikataliwa, siku mtakapoulizwa kwa nini mama alikaa bila kuangaliwa usiku fulani, iko kwenye faili.

Baada ya wiki nane rudia lile zoezi la patografu, kwa mafungu yaleyale mawili. Ukiona zimenyooka kwenye zamu za mama mmoja au wawili, anarudi. Ukiona mzigo umepungua, analala, vipimo vya mwili ni vizuri, na bado zimejazwa kwa mkupuo na bado anafoka, basi ama tulikosea kutafsiri na ni suala la nidhamu, ama kuna jambo zito zaidi linalohitaji mtaalamu wa afya ya akili. Anza na mtaalamu. Na akikwambia anataka kuacha kabisa chumba cha kujifungulia abaki kliniki, usimbembeleze wala usimwone msaliti. Mkunga anayepima wajawazito vizuri mchana atawakamata wenye presha kabla hawajaletwa kwako usiku wakiwa na kifafa.